Jinsi ya kuamka saa kumi alfajiri bila kukurupuka

Mimi ni fundi umeme hapa Ngamiani, Tanga, na nina kibanda cha kuuzia balbu na nyaya. Haupiti mwezi bila mtu kuja na swali lile lile: "Fundi, nasikia kuna taa inayomwamsha mtu polepole kama jua. Ni kweli, au ni kutupiga hela tu?" Nikishajibu hilo hufuata la pili: "Sasa mbona ya kwangu haiamshi?" Nimechoka kulirudia kaunta, ndiyo maana naandika hapa hatua kwa hatua.

Jibu fupi ni kwamba ni kweli, ila kwa watu wa aina fulani. Hapa kwetu jua halibadiliki sana. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza karibu saa 12 kamili asubuhi, na mwishoni mwa Julai karibu saa 12:35. Kama unaamka saa 1, huhitaji kununua chochote. Hamisha kitanda kielekee dirisha la mashariki, acha pazia wazi nusu, jua likufanyie kazi bure (na kunguru wa Tanga watakusaidia, utake usitake). Taa hii ni ya anayeamka kabla ya jua: anayewahi basi la Dar la saa 12, nesi wa zamu ya asubuhi, anayeshuka soko la Deep Sea kununua samaki, muuza vitumbua, na anayetaka kuamka kwa ajili ya swala bila kugombana na simu. Huyo anaamka kwenye giza totoro, na alamu ya king'ora humtoa kwenye usingizi mzito moyo ukimwenda mbio. Akishakaa kitandani bado yuko kwenye mang'amung'amu. Hali ile huchukua dakika 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi, na ndani yake mtu humwaga chai, husahau funguo, huzima alamu na asikumbuke kama aliizima.

Mwanga unaopanda taratibu husaidia kwa sababu kope hazizibi mwanga kabisa. Zinazuia sehemu kubwa ya mwanga, lakini ule mwekundu na wa rangi ya chungwa hupenya zaidi kuliko wa bluu. Mwili ukipata mwanga huo kwa nusu saa, usingizi hupungua uzito kabla sauti haijaanza. Sauti ikija inakukuta karibu na mlango, haikuvuti kutoka chumba cha ndani.

Vitu vya kuandaa

Unaweza kununua taa iliyokamilika, yenye saa na spika humo humo, lakini nyingi za bei rahisi zinazofika huku mwanga wake ni hafifu. Mimi hupendelea njia hii:

- Balbu moja ya Wi-Fi inayopungua na kuongezeka mwanga, ya lumeni 800 au zaidi, yaani kipimo cha mwanga inaoutoa, na inayoweza kutoa mwanga wa njano. Angalia kitako chake: ya skrubu au ya pini? Watu hununua ya skrubu wakati holda yao ni ya pini.
- Taa ya mezani au holda yenye waya, na stuli au kimeza.
- Simu ya Android.
- Intaneti ya nyumbani. Balbu nyingi hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, haziioni ya 5 GHz.
- Programu yoyote ya simu ya kupimia mwanga kwa luksi, yaani kipimo cha mwanga unaokufikia. Haipimi kama kifaa cha maabara, lakini kwa kazi yetu inatosha.

Hatua ya 1: Iweke taa mahali pake

Nianze hapa kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Mteja hununua balbu, huipachika darini palipokuwa na ile ya zamani, kisha hurudi kulalamika.

Mwanga hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea mbali: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Balbu ya lumeni 800 ikiwa nusu mita kutoka usoni hutoa takriban luksi 250, na hicho ndicho kiwango ambacho taa nzuri za kazi hii hulenga. Balbu hiyo hiyo ikiwa mita 2 juu yako hukupa kama luksi 16, pamoja na kidogo kinachorudi kutoka ukutani. Kwa hiyo weka taa kwenye stuli pembeni ya kitanda, sentimita 40 hadi 60 kutoka mtoni, usawa wa uso wako au juu kidogo. Isiwe nyuma ya kichwa. Iwe upande ambao uso wako huelekea mara nyingi unapolala, na kama hujijui, muulize unayelala naye.

Kisa kingine cha kuikimbia dari ni pangaboi. Balbu ikiwa juu ya mapanga yanayozunguka, mwanga unakatwakatwa na kivuli, chumba kizima kinapepesa. Hapo huamki kwa utulivu, unaamka umekasirika.

Halafu kuna chandarua. Cheupe hakizuii sana, lakini cha bluu au kijani kilichokunjwa mara mbili upande wa taa hula mwanga mwingi. Upande huo kiache mkunjo mmoja, kimenyooka. Taa ibaki nje na isigusane nacho. Balbu ya LED haichomi kama zile za zamani, lakini kitako chake hupata joto, na nyuzi za chandarua huharibika kwa joto.

Hatua ya 2: Pima kwenye mto

Washa balbu asilimia 100 usiku. Lala kama kawaida, chandarua kimeshushwa, weka simu usoni sehemu ya kamera ya mbele ikielekea taa, usome luksi. Ukipata 100 hadi 300 uko sawa. Chini ya 50, sogeza stuli. Ukishasogeza na bado haifiki, balbu ni dhaifu au kuna kitambaa kinazuia. Usiendelee na hatua nyingine kabla ya kulirekebisha hili, maana hutajua tatizo liko wapi.

Hatua ya 3: Unganisha balbu na urekebishe saa zake

Kila balbu ina programu yake. Nyingi za madukani hutumia ile iitwayo Smart Life, nyingine zina za kwao. Fuata maelekezo ya kwenye boksi, kisha fanya mambo mawili ambayo boksi halikwambii.

La kwanza, hakikisha eneo lililoandikwa kwenye programu ni Tanzania. Mteja mmoja alinijia amefura: taa yake iliwaka saa 6 kasoro robo usiku wakati alipanga saa 11 kasoro robo alfajiri. Tofauti ni saa 5 kamili. Programu ilikuwa imeweka nyumba yake Uchina, ambako saa zao zinatutangulia kwa saa 5. Ukiona taa inawaka mapema au kuchelewa kwa idadi kamili ya masaa, usiilaumu balbu, kaangalie eneo.

La pili, tafuta kipengele kinachosema balbu ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika. Balbu nyingi, usipozigusa, huwaka kwa nguvu zote umeme unaporudi. Umeme ukikatika saa 5 usiku na kurudi saa 8, utaamshwa na jua la mchana mbele ya pua yako. Kwenye Smart Life kipengele hicho huitwa "Power-off Memory" au "Do Not Disturb", kutegemea na balbu. Ukishachagua, jaribu kwa kuchomoa taa na kuichomeka tena ikiwa imezimwa kwenye programu. Inatakiwa ibaki giza.

Hatua ya 4: Panga mwanga upande taratibu

Kama programu yako ina kipengele tayari cha kuamsha, kipe dakika 30 na umemaliza hatua hii. Kama hakipo, panga ratiba tano mwenyewe.

Hapa kuna mtego. Macho hayahesabu mwanga kama mita ya umeme. Gizani, kutoka asilimia 1 kwenda 5 ni badiliko kubwa, lakini kutoka 80 kwenda 100 hata hulioni. Ukigawa sawasawa, 20, 40, 60, 80, 100, ile 20 ya kwanza itakupiga usoni kama tochi ya mgambo. Anza chini na uongeze kwa kuzidisha. Kwa mtu wa kuamka saa 10:30 alfajiri, ratiba ni hii:

- Saa 10:00, asilimia 1, rangi ya chungwa
- Saa 10:08, asilimia 5, rangi ya chungwa
- Saa 10:15, asilimia 15, njano
- Saa 10:22, asilimia 40, njano
- Saa 10:28, asilimia 100, njano au nyeupe

Sasa sikiliza vizuri: kwenye simu hizo ni 4:00 AM, 4:08 AM, 4:15 AM, 4:22 AM na 4:28 AM. Nimeshaona mtu mzima na akili zake ameandika 10:00 AM, taa ikamwakia saa 4 asubuhi yuko kazini, halafu akasema balbu mbovu.

Hatua ya 5: Chagua sauti

Mwanga ndio unaotangulia, lakini sauti ndiyo inayomaliza kazi. Usiutegemee mwanga peke yake siku yenye safari.

Achana na ule mlio wa pi-pi-pi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT cha Melbourne, Australia, walichapisha majibu ya watu 50 waliohojiwa kuhusu sauti wanazoamkia. Waliotumia sauti zenye mahadhi waliripoti uchovu mdogo wa asubuhi kuliko waliotumia zisizo na mahadhi. Ni watu wachache, na ni maelezo yao wenyewe, kwa hiyo usiyachukue kama sheria. Lakini yanalingana na ninachokiona kwa wateja wangu. Kitu unachoweza kukiimba kwa mdomo kinafaa zaidi, iwe taarabu taratibu au kinanda. Usichague wimbo unaoupenda sana, utauchukia ndani ya wiki tatu.

Kwenye programu ya saa ya Google, ingia Settings, tafuta "Gradually increase volume", weka sekunde 60. Angalia pia "Silence after": ikiwa ni dakika 10, alamu itanyamaza yenyewe baada ya hapo, umeamka hujaamka.

Sekunde 60 wengine huziona chache. Ukitaka sauti ipande kwa dakika 5, tengeneza faili lenyewe lianze chini. Mwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg anaweza kutumia amri hii, na asiye nayo amwombe kijana wa steshenari:

```
ffmpeg -stream_loop -1 -i sauti.mp3 -t 600 -af "afade=t=in:d=300:curve=cub" alamu.mp3
```

Inarudiarudia sauti yako mpaka dakika 10 zitimie, na dakika 5 za kwanza inapanda kutoka kimya. Ukitumia faili hilo, zima ule upandaji wa simu ili visigongane.

Kuhusu feni: mvumo wake hufunika sauti ndogo kabisa. Weka pangaboi kwenye spidi unayolalia, kisha jaribu alamu ukiwa kitandani. Ikiwa huisikii mpaka imefika juu kabisa, upole wote umepotelea kwenye feni, na kwako alamu hiyo itaanza kwa kishindo. Sogeza simu karibu, kama mita moja, juu ya mbao. Usiiweke chini ya mto. Sauti inazibwa, na simu inayochajiwa inapata joto.

Hatua ya 6: Weka mlinzi

Ile alamu kali usiifute. Iweke dakika 8 baada ya sauti laini, kwenye simu nyingine au saa ndogo ya betri, mbali na kitanda. Ikipita wiki hujaisikia kwa sababu umeiwahi kuizima, mpango wako umekaa sawa. Na usiku ambao umeme haupo, ndiyo hiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 7: Usizime swichi

Balbu hii lazima ipate umeme usiku kucha ili ipokee ratiba. Sisi tumelelewa kuzima taa ukutani kabla ya kulala, na mkono hufanya hivyo wenyewe. Funika swichi ya soketi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uwaambie na watoto. Zima kwa simu tu.

Ilivyokwenda kwa shemeji yangu

Shemeji anauza vitumbua Chumbageni. Mchele anauloweka jana yake, lakini kusaga na kuumua ni kazi ya alfajiri, kwa hiyo huamka saa 10:30. Alikuwa na alamu nne za king'ora, kuanzia saa 10 kamili, kila moja anaizima akiwa usingizini. Mume wake na mtoto wa miezi minane walikuwa wanaamka kabla yake.

Tulianza vibaya. Aliniambia balbu ameshaifunga, nikampa ratiba kwa simu. Siku tatu hakuamka na mwanga hata mara moja. Nilipokwenda nikaikuta darini, juu ya pangaboi, na chandarua ni cha bluu. Nikalala kitandani kwao na simu usoni: luksi 6. Tukaishusha kwenye stuli sentimita 50 kutoka mtoni, upande wake. Ikasoma 140. Chandarua tukakinyoosha, ikafika 170. Hatukununua kitu kingine chochote.

Tukabaki na mtoto, maana mwanga hauchagui wa kumwamsha. Tuliweka ubao wa kabati la zamani nyuma ya stuli, upande wa kitanda cha mtoto, mwanga ukabaki kwa mama. Mume alinunua kitambaa cha macho, akanung'unika siku mbili, akazoea.

Wiki ya pili aliniambia amekuwa akifumbua macho mwenyewe kama saa 10:20 au 10:25, anasubiri sauti ianze ndiyo ainuke. Siku mbili kati ya saba alihitaji sauti. Siku moja alihitaji ile kali, na nilipomuuliza alilala saa ngapi akasema saa 7 usiku, alikuwa kwenye shughuli. Hapo taa haina la kufanya. Inabadilisha namna unavyoamka, haikuongezei saa ulizokosa.

Ikileta shida

*Haikuwaka kabisa.* Swichi ya ukutani kwanza. Kama imewashwa, kaangalie intaneti. Balbu nyingine huhifadhi ratiba ndani yake, nyingine husubiri amri kutoka mtandaoni. Ijue ya kwako mchana: panga iwake baada ya dakika 5, zima ruta, usubiri. Isipowaka, basi unayetumia hotspoti ya simu na kuizima usiku utaikosa kila siku. Nunua taa yenye saa yake ndani.

*Natumia taa ya USB kwenye pawabenki, asubuhi naikuta imezima.* Pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinachukua umeme kidogo sana, na taa inayosubiri alfajiri haichukui karibu chochote. Ama tumia chaja ya ukutani, ama pawabenki yenye hali ya vifaa vidogo.

*Inanipepesa ikiwa chini.* Kama ni balbu ya kawaida ya LED kwenye swichi ya kupunguza mwanga, haikutengenezwa kwa hilo, iondoe. Kama ni ya Wi-Fi na inapepesa kwenye asilimia 1, anzia 3 au 5 na uchague rangi ya chungwa.

*Naamka mapema mno, saa 10:05.* Usingizi wako ni mwepesi. Fupisha dakika 30 ziwe 15 au 20, au geuza taa iangalie ukuta mweupe ili mwanga urudi kwako umelegea.

*Siamki na mwanga hata luksi zikiwa nzuri.* Wapo walalao usingizi wa pono, na wapo wanaojifunika shuka gubigubi. Wa pili waache uso nje. Wa kwanza waendelee na sauti, mwanga uwe msaidizi tu. Lakini ukilala kwa muda wa saa 7 au 8 kila siku na bado unaamka umechoka, na nyumbani wanakwambia unakoroma na kukatika pumzi, hilo si la fundi umeme, nenda ukaonane na daktari. Na mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, au aliyewahi kuambiwa ana maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka, amuulize daktari wake kabla ya kuja dukani.

*Ilikuwa inafanya kazi, sasa imeacha.* Mara nyingi jibu ni kwamba umebadilisha nywila ya Wi-Fi au ruta. Balbu bado inautafuta mtandao wa zamani. Iwashe na kuizima swichini mara kadhaa kama maelekezo yake yanavyosema, mpaka ianze kumetameta, uiunganishe upya. Kisha kaangalie tena lile eneo, maana wakati mwingine ukianza upya hurudi Uchina.